Programu Iliyopita kwenye Mfano Ikaanguka Kwingine: Mwalimu Aandike Nini?

Maswali ya kuandika programu huja na mfano: data za kuingiza na jibu linalotarajiwa. Kazi ya mfano huo ni kuonyesha data zinapangwaje na jibu linaandikwaje. Upimaji wenyewe hufanywa kwa data nyingine ambazo mwanafunzi hazioni, na mara nyingi mashine ya kusahihisha humrudishia maneno mawili tu, `Wrong Answer`, bila kumwambia ni data zipi zilizomshinda. Hapo ndipo maoni ya mwalimu yanapohitajika, kwa sababu mwanafunzi ameona jibu sahihi kwa macho yake na hana sababu ya kushuku alichoandika.

Swali moja la wanaoanza linafaa kulionyesha jambo hili. Mwanafunzi anapewa N, ambayo ni kuanzia 2 hadi 100, kisha namba nzima N zilizo kati ya -1000 na 1000. Anatakiwa kuchapisha namba ya pili kwa ukubwa. Mfano wa swali una namba 3 8 5 9 2, na jibu lake ni 8. Mwanafunzi anawasilisha programu hii ya Python:

```python
n = int(input())
namba = list(map(int, input().split()))
kwanza = 0
pili = 0
for x in namba:
    if x > kwanza:
        pili = kwanza
        kwanza = x
print(pili)
```

Wazo lake lina mantiki. Kila inapotokea namba inayoizidi kubwa iliyopo, ile ya zamani inashuka hadi nafasi ya pili. Kwa mfano wa swali, 3 inaingia kwanza, 8 inaisukuma chini, 5 inapita bila kugusa kitu, 9 inaisukuma 8 hadi nafasi ya pili, na 2 haibadilishi lolote. Programu inachapisha 8.

Lakini jibu hilo limepatikana kwa sababu 8 imetangulia 9. Namba isiyoizidi kubwa ya wakati huo haiandikwi popote, hata kama inaipita ile ya pili. Kwa hiyo mradi namba ni chanya na hazijirudii, programu inapatia pale tu ambapo ya pili kwa ukubwa imekuja kabla ya kubwa kuliko zote. Namba tano za mfano zinaweza kupangwa kwa njia 120. Katika 60 kati ya hizo 8 hutangulia 9, na katika 60 zilizobaki hufuata nyuma. Mfano wa swali umeangukia nusu iliyo salama.

Mwalimu anaweza kuandika kwamba programu ina kasoro, au kwamba mwanafunzi apime data zaidi. Maneno hayo ni kweli lakini hayamsaidii, maana hajui data gani zaidi. Njia ya pili, kumwandikia mstari unaokosekana, ni mbaya zaidi: ataunakili, mashine itaukubali, na kosa lile lile litarudi katika swali lingine kwa sura nyingine. Kinachofaa ni kumpa data ndogo kabisa zinazoiangusha programu, na swali moja la kujibu. Kwa mfano:

> Kwa mfano wa swali programu yako inatoa 8, na ni sahihi. Sasa iingizie N = 2, na namba 9 4. Kabla ya kuiendesha, andika jibu unalolitarajia. Kisha chora jedwali la safuwima tatu, `x`, `kwanza` na `pili`, ulijaze kila kitanzi kinapozunguka. Namba 4 inapofika, inawekwa wapi?

Udogo wa data hizo una sababu. Programu ingeanguka vilevile kwa namba hamsini, lakini hakuna mwanafunzi atakayejaza jedwali la mistari hamsini kwa mkono. Kwa namba mbili anajaza mistari miwili: baada ya 9, `kwanza` ni 9 na `pili` ni 0, baada ya 4, hakuna kilichobadilika. Programu inachapisha 0, namba ambayo haimo kabisa katika data. Agizo la kuandika jibu mapema nalo lina uzito, kwa kuwa linamzuia kusoma tokeo la mashine kisha kujishawishi kwamba ndilo alilolitaka.

Mwanafunzi aliyejaza jedwali kwa kawaida hugundua mwenyewe kwamba kuna tawi linalokosekana:

```python
    elif x > pili:
        pili = x
```

Sasa 9 4 inatoa 4, na mpangilio wowote wa namba za mfano unatoa 8. Hata hivyo mashine inaweza kuikataa tena, kwa kosa la pili lililokuwa limefichwa na la kwanza. Kwa data 5 -3 jibu ni -3, lakini programu inachapisha 0. Sifuri iliyowekwa mwanzoni inashindana na namba za swali kana kwamba ni mojawapo, na inazishinda zote zilizo hasi. Hapa maoni ya mwalimu yanaweza kuwa mafupi zaidi: mwanafunzi asome tena sentensi inayotaja -1000 na 1000, kisha aeleze kwa nini alianzia 0. Mipaka inayotajwa katika swali mara nyingi ndiyo inayoonyesha data zilizofichwa zinatoka wapi. Kuanzia -1001, namba ambayo swali lenyewe limehakikisha haiwezi kutokea, kunaondoa tatizo.

Inabaki hali ya 9 9 5. Programu iliyorekebishwa inatoa 9, kwa kuwa 9 ya pili haiizidi ya kwanza lakini inaizidi `pili`. Kama swali linataka namba mbili zilizo tofauti, jibu ni 5, na sharti la tawi la pili linakuwa `kwanza > x > pili`. Hapo pia swali lazima liseme nini kichapishwe namba zote zikiwa sawa. Kama swali halikueleza lolote, kosa ni la mtunzi wa swali, na mwalimu mwadilifu hukiri hivyo katika maoni yake badala ya kumkata mwanafunzi alama.

Mwanafunzi akishavuka hatua hizi, maoni yanayofuata yanaweza kumfundisha kutafuta data za kuangusha programu yake bila kumsubiri mwalimu. Anaandika programu ya pili, rahisi kiasi kwamba ni vigumu kuikosea, hata kama ni ya polepole. Kwa swali hili, pale namba zinazojirudia zinapohesabiwa kila moja, mstari mmoja unatosha:

```python
print(sorted(namba)[-2])
```

Kisha anatunga data za kubahatisha, anazipitisha katika programu zote mbili, na kusimama majibu yanapotofautiana. Data hizo ziwe ndogo: N kuanzia 2 hadi 4, na namba kuanzia -3 hadi 3. Namba zikichaguliwa kati ya -1000 na 1000, zinazofanana zitakuwa chache. Katika nafasi finyu ya -3 hadi 3, zinazojirudia, sifuri na orodha zenye namba hasi tupu hutokea mara kwa mara, na tofauti inayopatikana huwa tayari ni fupi vya kutosha kufuatwa kwenye jedwali. Programu mbili zinaweza kukubaliana katika kosa moja iwapo mwanafunzi amelielewa swali vibaya, na kasoro ya namna hiyo njia hii haiwezi kuionyesha. Hiyo huonekana tu mwanafunzi anapoulizwa aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, swali linataka nini.