Mwizi Alitoroka au Angalitoroka?

Gazeti la Italia linaloripoti wizi huweza kuandika hivi: «Il ladro sarebbe entrato dal balcone, avrebbe forzato la cassaforte e sarebbe fuggito in moto.» Mfasiri aliyezoea kwamba sarebbe na avrebbe ni -nge- au -ngali- ataandika kuwa mwizi angaliingia kupitia roshani, angalivunja sefu na angalitoroka kwa pikipiki. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kuwa hakuna kilichoibwa.

Mwandishi alikusudia jambo jingine kabisa. Wizi umeripotiwa kuwa ulitokea, ila gazeti halijathibitisha namna ulivyofanyika, kwa hiyo halitaki kuubeba ushahidi wa wengine. Kitenzi chenyewe ndicho kinachobeba tahadhari hiyo. Njia ya kutambua ni kutazama jirani zake: likiwepo «se», yaani «kama», na sharti ambalo halikutimia, -ngali- inafaa. Likiwepo «secondo», yaani «kwa mujibu wa», au habari ikiwa ya polisi na mahakama isiyo na sharti lolote, huo ni uvumi au madai.

Kiswahili hakina umbo la kitenzi la kazi hiyo, bali kina maneno ya kutanguliza, na kila moja lina uzito wake. «Inadaiwa» hudokeza kuwa yupo mtu anayetoa madai. «Inasemekana» huacha msemaji gizani. «Huenda» ni makisio ya mwandishi mwenyewe, kwa hiyo halifai kwa maneno ya polisi. «Eti» linakwenda mbali zaidi, kwa kuwa linaonyesha kwamba mwandishi haamini.

Hatari kubwa imejificha katika sentensi ya pili. Mwitaliano hurudia alama ya shaka katika kila kitenzi: kuingia, kuvunja, kutoroka. Mwandishi wa Kiswahili huandika, «Kijana huyo anadaiwa kuingia kupitia roshani. Alivunja sefu, akatoroka kwa pikipiki.» Shaka imeishia kwenye nukta. Kuanzia «alivunja», gazeti linamhukumu mtu ambaye hajafikishwa mahakamani, na -ka- inazidi kuisukuma hadithi kama jambo lililoshuhudiwa. Ni afadhali kurudia, hata kama masikio yatachoka: «Anadaiwa pia kuvunja sefu na kutoroka kwa pikipiki.»

Umbo hilohilo la Kiitaliano hubeba pia wakati ujao uliotajwa zamani. «Il ministro ha detto che si sarebbe dimesso» maana yake ni kwamba waziri alisema atajiuzulu. Sentensi haisemi kama alijiuzulu kweli. Hapa Kiswahili kinatosheka na -ta-: «Waziri alisema atajiuzulu.» Ukiandika «alisema angejiuzulu», wasomaji wengi watasubiri sharti, au watadhani amebadili nia. Na kama taarifa za baadaye zinaonyesha kuwa bado yumo ofisini, hilo liandikwe katika sentensi yake: «Waziri alisema atajiuzulu, lakini hadi sasa hajafanya hivyo.»