Simu inyamaze, ila ijibu

Madereva wengi huijua hali ya udereva ya simu, huijaribu siku moja, kisha huizima. Wakiulizwa sababu, jibu ni lile lile: simu ilinyamaza, lakini moyo haukutulia. Dereva aliyeshika usukani huku akijua kwamba mama amepiga, mteja ameandika na hakuna aliyejibiwa, atakuwa anakitupia jicho kioo cha simu kila baada ya kilomita chache. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Ukisoma meseji kwa sekunde tano umekwenda zaidi ya mita 110 bila kuiona barabara. Kwa hiyo kuzima mlio ni nusu ya kazi tu. Kinachomtuliza dereva ni jibu linalotoka lenyewe, na hilo ndilo watu wengi hawalipangi inavyotakiwa.

Nitaeleza kwa kutumia iPhone, maana kwenye simu hiyo ukimya na jibu hupangwa mahali pamoja. Kampuni ya Apple iliiweka huduma hii mwaka 2017, na tangu mwaka 2021 imo ndani ya sehemu iitwayo Focus. Ingia Settings, kisha Focus, kisha Driving. Usipoiona Driving, gusa alama ya kujumlisha iliyo juu, uichague.

Tuchukue mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo anayeendesha mwenyewe kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kupeleka mzigo. Swali lake la kwanza ni simu itajuaje kwamba anaendesha. Kuna njia tatu. Akichagua Automatically, simu itakisia kutokana na mwendo inaouhisi. Akichagua When Connected to Car Bluetooth, itaanza pale tu inapoungana na redio ya gari. Akichagua Manually, ataiwasha kwa mkono wake kabla ya kuondoka.

Ningemshauri achukue hiyo ya Bluetooth. Ile ya kukisia haiwezi kumtofautisha dereva na abiria. Siku atakayopanda basi kwenda Arusha, simu itanyamaza na kuwaambia watu kwamba anaendesha, na huenda yeye mwenyewe asitambue mpaka ashangae mbona leo hakuna anayemtafuta. Yakimkuta hayo, aguse alama ya gari kwenye kioo na kuchagua kwamba haendeshi. Ya Bluetooth haina utata huo, kwani huwaka gari linapowashwa na kuzimika linapozimwa. Gari likiwa na redio ya zamani isiyoungana na simu, basi aiwashe kwa mkono akiwa bado amesimama, sambamba na kufunga mkanda.

Swali la pili ni nani aruhusiwe kupita. Kwenye sehemu ya People anaweka majina machache ambayo simu zao zitalia hata akiwa njiani. Mfanyabiashara wetu anaweka mama yake, mume wake na mwalimu wa darasa wa mtoto. Wateja hawamo, hata yule anayenunua sana. Orodha ikifika watu kumi na watano, ukimya umeshakwisha.

Hapo hapo kuna kitufe kinachoitwa Allow Repeated Calls. Mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika tatu, simu huichukulia kuwa ni dharura na kulia. Wazo ni zuri, lakini kwetu mtu asipopokelewa hupiga tena papo hapo, na tena, hata kama anataka kuuliza bei ya shuka. Mwenye biashara akiacha kitufe hiki kimewashwa, simu italia safari nzima. Nashauri akizime, awategemee wale watatu aliowaweka kwenye orodha.

Sasa jibu lenyewe. Chini ya Auto-Reply anachagua nani ajibiwe: Recents ni aliowasiliana nao karibuni, Favorites ni wale aliowateua kwenye simu, na All Contacts ni kila aliyehifadhiwa jina. Yeye anachukua All Contacts. Maandishi ya simu ni ya Kiingereza, lakini yanafutika, naye anaandika yake:

“Niko barabarani naendesha, simu nimeinyamazisha. Nitakujibu nikifika Chalinze. Kama ni dharura, nijibu kwa neno urgent.”

Hilo neno urgent lazima libaki kama lilivyo, kwa sababu simu hulitambua hilo tu. Mwandishi akilijibu, meseji yake hupenya ukimya na kutoa mlio. Simu nayo hutuma maelezo yake kuhusu neno hilo, lakini kwa Kiingereza, na kwa mama aliye kijijini heri ayasome kwa lugha yake. Kutaja Chalinze nako kuna maana: anayesubiri anajua atajibiwa lini, na dereva ana mahali pa kusimamia. Akibadili safari, abadili na jina la mahali.

Jibu hili lina mipaka mitatu ambayo ni lazima aijue. Humwendea aliyeandika, si aliyepiga. Haliwafikii wasiohifadhiwa majina, kwa hiyo mteja mpya atakaa bila neno. Na likimwendea mtu asiye na iPhone hutoka kama SMS ya kawaida, inayokata salio au kifurushi. Salio likiisha, jibu haliendi.

Mpaka wa nne ni mkubwa kuliko yote hayo: jibu hili haligusi WhatsApp. Mlio wa WhatsApp utanyamazishwa, lakini aliyeandika huko ataona tiki mbili za kijivu na kimya. Kwa kuwa biashara nyingi za mitaani huongelewa WhatsApp, mfanyabiashara wetu atakuwa amewajibu watu wachache tu. Dawa yake ni WhatsApp Business, ambayo haina gharama. Kwenye zana za biashara kuna Away message. Anaandika maneno yale yale, akiondoa hilo la urgent kwa kuwa huku halina kazi, na badala yake anataja namba ya msaidizi wa dukani. Kisha anachagua Custom schedule na kuweka, tuseme, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. WhatsApp haijui kama anaendesha, inafuata saa tu, ndiyo maana nasisitiza muda wenye mwisho. Asipouwekea mwisho, jioni akiwa nyumbani wateja wataendelea kuambiwa yuko barabarani. Data nayo iachwe imewashwa, la sivyo ujumbe hautoki.

Wenye Samsung wataikuta hali ya udereva kwenye Modes and Routines. Simu nyingi nyingine za Android zina Usinisumbue, ambayo hunyamazisha bila kujibu, na hapo Away message ya WhatsApp Business inakuwa msaada mkubwa zaidi.

Kabla ya safari, afanye jaribio gari likiwa limeegeshwa. Awashe Driving, amwombe msaidizi wake aandike SMS, kisha afungue mazungumzo yale: jibu la kiotomatiki litaonekana pale kana kwamba kaliandika yeye. Msaidizi ajibu urgent, wasikilize kama simu inalia. Halafu mama apige. Meseji za M-Pesa zitaendelea kuingia kimya kimya na pesa itakuwa imefika. Ramani itaendelea kumwelekeza njia, na kengele aliyoitega italia kwa saa yake.