Heri ya Kuzaliwa, na Kwaheri

Mhasibu anaaga Ijumaa, anahamia kampuni nyingine, na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Kadi inazungushwa meza kwa meza. Kila anayeipokea anachungulia alichoandika mwenzake, naye anaandika "Kila la heri." Kadi ikijaa hivyo, mwenyewe hatajua nani alimkumbuka kwa lipi.

Anza na kuzaliwa. Siku hiyo ni yake; kuondoka kunatuhusu sisi tunaobaki. Heri ya kuzaliwa ikiwekwa mwishoni huonekana kama mtu aliyekumbushwa mlangoni.

Shukrani nayo itaje jambo moja alilolifanya, tena lile ambalo bosi hakuliona. "Asante kwa ushirikiano" hata mlinzi wa jengo la jirani angeweza kuandikiwa.

Penye utelezi ni mlango wazi. Wengi huandika "nafasi yako ipo, rudi wakati wowote." Ipo kwa idhini ya nani? Huenda tangazo la kazi limeshatoka, na maneno hayo yanaweza kusomeka kama unamtabiria kushindwa aendako. Ahidi kilicho mkononi mwako: simu yako, ushauri wako, chai ya mchana. Kama wewe ndiye meneja na kweli ungemwajiri tena, sema ukiweka sharti: "nafasi ikipatikana ukaomba, nitafurahi."

Hivi ndivyo ningemwandikia huyo mhasibu:

"Dada, heri ya siku ya kuzaliwa. Mungu akuzidishie umri na afya.

Sitasahau ile tarehe 19, kesho yake ritani ya VAT inatakiwa na risiti za EFD za wiki nzima hazionekani. Ulibaki na mimi hadi usiku, ukazipata kwenye faili la mafuta ya magari, na asubuhi hukumwambia mtu kwamba mimi ndiye niliyezipoteza. Asante.

Huko uendako wamepata mtu. Namba yangu ni ile ile. Ukikwama au ukifurahi, piga. Ukipita mjini, chai juu yangu."

Hakuna "umetukimbia" wala "wenzetu mnafuata mishahara minono." Kwa mdomo huo ni utani, kwenye karatasi utani haucheki, na kadi itasomwa na wengine nyumbani kwake.

Barua hii pia isichanganywe na cheti cha utumishi. Hicho ni haki yake chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na ni kazi ya mwajiri kukitoa, hata kama waliachana kwa kununiana. Ya kwako ni hiari.

Iandike kwa mkono, umpe kabla ya keki kukatwa. Ukiituma kwa barua pepe ya ofisi, akaunti yake ikifungwa jioni ile hataiona tena.