Ghuna au Sighuna? Vidole Kooni, Viganja Masikioni

Katika Karatasi ya Pili, sehemu ya Matumizi ya Lugha yenye alama 40, hukosi kukutana na swali la sauti. Huenda ukaambiwa utaje kikwamizo sighuna cha meno, au utofautishe /th/ na /dh/. Watahiniwa wengi hujibu kwa kukumbuka jedwali walilokariri, na jedwali likipotea akilini, alama nazo hupotea. Hakuna haja ya kutegemea jedwali. Kifaa cha kupimia unacho shingoni mwako. Kinachohitajika ni kujua namna ya kukitumia, na hasa kujua ni lini kinaweza kukudanganya.

Gusa shingo yako kwa mbele, utapata kijiwe kigumu kinachopanda ukimeza mate. Hilo ni kongomeo. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti. Hewa inapotoka mapafuni, nyuzi hizo zikiwa zimekaribiana, hutikisika kwa kasi kubwa: karibu mara 120 kwa sekunde kwa mwanamume anayezungumza kawaida, na karibu mara 200 kwa mwanamke. Sauti inayotolewa nyuzi zikitikisika hivyo ni ghuna. Nyuzi zikiwa zimeachana, hewa hupita bila kuzitikisa, na sauti inayotoka ni sighuna, ambayo vitabu vingine huiita hafifu.

Jaribio la vidole

Weka vidole viwili vilivyonyooka juu ya kongomeo, bila kukandamiza. Sasa tamka s kwa muda mrefu, kama nyoka: sssss. Vidole havitahisi kitu. Bila kuvuta pumzi upya, geuza iwe z: zzzzz. Utahisi mtetemo kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Rudi kwenye s, kisha z, mara nne au tano. Ulimi haujasogea wala meno hayajabadilika. Kilichobadilika ni kongomeo peke yake. Fanya vivyo hivyo kwa f na v.

Wasichana wengi huniambia hawahisi kitu hata kwenye z. Kongomeo lao halijitokezi sana, na mtetemo wake ni mwepesi zaidi. Ukiwa mmoja wao, usijilaumu. Ruka uende kwenye jaribio la masikio, utaona tofauti mara moja.

Kosa linaloharibu jaribio hili ni kutamka jina la herufi badala ya sauti yenyewe. Mwanafunzi anataka kupima s, lakini anatamka "sa" au "se". Irabu zote za Kiswahili ni ghuna, kwa hiyo vidole vinahisi mtetemo wa irabu, naye anaandika kwamba s ni ghuna. Pima konsonanti ikiwa peke yake.

Lakini vipi kuhusu p na b, t na d, k na g? Hivi ni vipasuo. Haviwezi kurefushwa kama s. Hapa iweke sauti katikati ya irabu mbili na utamke polepole: apa, aba. Kwenye aba mtetemo unaendelea toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye apa unakatika midomo inapofungwa, kisha unarudi. Unachosikiliza ni hilo pengo. Ata na ada, aka na aga, acha na aja hupimwa hivyohivyo. Usishangae ukihisi kongomeo likishuka kidogo unapotamka b au d. Wasemaji wengi wa Kiswahili huzitamka sauti hizi kwa kuliteremsha. Kushuka si kutetemeka, na unachopima ni mtetemo.

Jaribio la masikio

Ziba masikio yote mawili kwa viganja, kabisa. Tamka tena sssss, kisha zzzzz. Ukiwa kwenye s utasikia mvumo mdogo wa hewa mdomoni. Ukifika kwenye z, kichwa kizima kitavuma kama gari la mizigo linalopanda mlima. Mtetemo wa nyuzi unapita kwenye mifupa ya fuvu hadi sikioni, na kwa kuwa umezuia kelele za nje, unausikia wazi.

Kuna njia nyingine ya sikio ambayo haihitaji hata mikono: jaribu kuimba. Chukua wimbo wowote unaoujua na uuimbe kwa z tupu. Sauti itapanda na kushuka, na aliye karibu ataweza kuutambua wimbo. Sasa uimbe kwa s. Utapuliza tu, maana kinachopandisha na kushusha tuni ni nyuzi za sauti, na kwenye s hazifanyi kazi.

Njia hizi pia zitakuonyesha kwamba m, n, ny, ng', l, r, w na y zote ni ghuna, na hazina wenzao walio sighuna katika Kiswahili. Upande wa pili, sh na h ni sighuna zisizo na mwenza. Usitunge mwenza wa sh ili kujaza jedwali, hayupo.

Kwa nini usinong'one

Katika chumba cha mtihani hairuhusiwi kutoa sauti, kwa hiyo utawaona watahiniwa wameshika shingo huku wakinong'ona. Hapo wanajipoteza. Mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti hazitikisiki, hata kwenye irabu. Jihakikishie: weka vidole kooni useme "aaaa", kisha unong'one "aaaa" hiyohiyo. Mtetemo umekwenda. Kwa mnong'ono, sauti zote za Kiswahili zitaonekana kuwa sighuna, na utaandika z chini ya safu isiyo yake. Ikiwa ni lazima upime ukiwa kwenye kiti cha mtihani, funga sikio moja kwa kidole na uvumishe sauti kwa chini kabisa, kiasi cha kusikika na wewe tu. Afadhali zaidi, fanya majaribio haya nyumbani hadi uyajue majibu.

Herufi ya th na mdomo wa Mkamba

Sasa tuje kwenye tatizo ambalo sisi wa Kanyangi, na wenzetu wa ng'ambo ya Mto Athi kule Makueni, tunalo na wengine wengi hawana.

Weka vidole kooni, kisha utaje Ikutha, Kathonzweni, au jina la huo mto wenyewe, Athi, kama wanavyotamka wazee nyumbani. Simama kwenye th na uirefushe. Umehisi? Inatetemeka. Katika Kikamba, herufi th huwakilisha sauti ghuna, ileile ambayo Kiswahili huiandika dh. Kũthi, yaani kwenda, ina sauti hiyo. Lakini katika Kiswahili, th ya methali, thelathini na thamani ni sighuna.

Matokeo yake ni haya. Mwanafunzi makini anafuata maelekezo yote ya jaribio, anarefusha th bila irabu, hanong'oni, anahisi mtetemo, na anaandika: "/th/ ni ghuna." Jibu ni kosa, ingawa jaribio limefanyika sawasawa. Vidole hupima kilichotoka mdomoni mwako, navyo havijui umekusudia herufi gani. Ukiitamka th ya Kiswahili kwa sauti ya Kikamba, vidole vitakupa jibu sahihi la Kikamba.

Kwa hiyo, kabla ya kuipima th, hakikisha umeitamka. Njia inayowasaidia wanafunzi wangu ni kuanzia kwenye sauti wasiyoikosea. Shika kongomeo, tamka sssss, kimya. Ukiendelea kutoa hewa hiyohiyo, sogeza ncha ya ulimi mbele polepole mpaka iwe kati ya meno. Vidole visihisi chochote njiani. Sauti uliyofika nayo ni th ya methali. Kisha anza na zzzzz na usogeze ulimi vivyo hivyo, mtetemo ukiendelea. Utafika kwenye dh ya dhahabu. Ukiona mtetemo umeanza katikati ya safari ya kwanza, rudi kwenye s uanze upya. Siku ya kwanza wengi hurudi mara kadhaa.

Linganisha thamini na dhamini. Kumthamini mtu ni kumwona ana thamani. Kumdhamini ni kumwekea dhamana, au kugharimia jambo lake, kama masomo. Sasa fikiria umeandika barua rasmi ya kuomba basari, nawe ukamaliza kwa "Naomba mnithamini hadi nimalize kidato cha nne." Uliyemwandikia atasoma kwamba unaomba uheshimiwe. Karo hukuitaja. Mwandishi wa barua hiyo hakukosa msamiati. Sikio lake halikutenganisha sauti mbili, na mkono ukaandika yoyote iliyotangulia.

Sikio nalo hufunzwa. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako ili usione midomo yake. Aseme thamini au dhamini mara 20, bila mpangilio, huku akiandika kila alilosema. Wewe andika ulilosikia. Linganisheni. Ukipata karibu 10, huna tofauti na anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Ukipata 18 au zaidi, sikio limeshika. Lakini mwenzako naye awe amepita jaribio la s kwenda th kwanza, la sivyo atakuwa anasema dhamini mara 20 na lawama zitakuangukia wewe.

Swali la mfano

Eleza sifa za konsonanti za neno dhamini na za neno thamini kwa kuzingatia mtikisiko wa nyuzi za sauti.

Shika kongomeo useme dhamini polepole sana. Mtetemo unaanza na dh na haukatiki mpaka i ya mwisho, kwa sababu dh, m na n zote ni ghuna. Sasa sema thamini. Mwanzoni kuna kimya kifupi chini ya vidole, hewa ikipita kati ya ulimi na meno, kisha mtetemo unaanza kwenye a na kwenda hadi mwisho. Jibu lako basi: katika dhamini, /dh/, /m/ na /n/ ni ghuna, katika thamini, /th/ ni sighuna, ilhali /m/ na /n/ ni ghuna. Ukiulizwa tofauti ya /th/ na /dh/, usiongeze mahali pa kutamkia kama tofauti. Zote ni vikwamizo vya meno. Zinatofautiana kwa mtikisiko tu.

Kwa njia hiyo hiyo, hesabu mtetemo unakatika mara ngapi katika maneno haya, ukianzia pale irabu au konsonanti ya kwanza inapoanza: ndizi, uzoefu, methali, mdhamini, kifutio. Kwenye ndizi na mdhamini hautakatika hata mara moja. Kwenye uzoefu utakatika mara moja, kwa f. Kwenye kifutio utachelewa kuanza kwa sababu ya k, kisha utakatika mara mbili, kwa f na t. Na kwenye methali, ikiwa vidole vyako havijahisi pengo lolote, umeitamka kama Ikutha.