Jinsi ya kunakili ratiba ya darasa moja

Ratiba iliyobandikwa shuleni huonyesha madarasa yote kwa pamoja, na mzazi wa Gredi ya 8 hutatizika kuona siku ya mwanawe. Chora jedwali la siku tano kushuka na vipindi vinane kwenda kulia. Kila kisanduku kiwe na somo, herufi za jina la mwalimu na chumba: Hisabati, JM, Chumba 4. Kipindi maradufu hujaza visanduku viwili. Wengi husahau cha pili. Hesabu: Sekondari Msingi ina vipindi 40 kwa wiki. Kisha linganisha na jedwali la Gredi ya 7. JM akiwa kwote Jumanne kipindi cha tatu, soma ratiba upya. Ikiwa ndivyo ilivyochapishwa, mjulishe naibu mwalimu mkuu.