Asilimia Kumi Inayoamua Mwendo wa Maji

Mtambo wa kusafisha maji wa McMillan, mjini Washington, ulioanza kazi mwaka 1905, ulikuwa na vyumba 29 vya zege vilivyofukiwa ardhini, kila kimoja kikiwa na eneo la takriban ekari moja na tabaka la mchanga ambalo maji ya Mto Potomac yalipenya polepole kushuka chini. Mhandisi Allen Hazen, mmoja wa wataalamu walioushauri mji huo kuhusu uchujaji, alikuwa amekwisha kuonyesha katika majaribio yake ya Lawrence, jimboni Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwamba upenyevu wa mchanga, yaani wepesi wake wa kupitisha maji, hautegemei punje za wastani, ambazo ndizo jicho huziona kwanza, bali punje ndogo, kwa kuwa hizo hujaza nafasi zilizo kati ya punje kubwa na kuyabania maji njia.

Kipimo alichokichagua ni ukubwa fanisi, unaoandikwa d10, nao ni kipenyo ambacho asilimia 10 ya uzito wa mchanga ni ndogo kuliko hicho. Ili kukipata, mchanga uliokaushwa hutikiswa juu ya chekeche zilizopangwa kuanzia yenye matundu makubwa hadi yenye matundu madogo, kisha kinachobaki katika kila chekeche hupimwa uzito. Hazen hakuuamini ukubwa wa tundu alioandika mtengenezaji, bali alichukua punje zilizokuwa za mwisho kupita, akazihesabu, akazipima, na kutokana na uzito wa punje moja akapata kipenyo cha tufe lenye ujazo uleule. Kwa mchanga wa kwarizi, kipenyo hicho kwa milimita ni 0.9 mara kipeo cha tatu cha uzito wa punje kwa miligramu, hivyo punje 100 zenye uzito wa miligramu 2.2 huonyesha kuwa chekeche hiyo hutenganisha kwenye milimita 0.25. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini ni ya uaminifu kuliko kusoma namba iliyochapwa ubavuni.

Kwa mfano, ikiwa katika gramu 500 za mchanga, asilimia 85 hupita kwenye tundu la milimita 0.85, asilimia 45 kwenye 0.425, asilimia 15 kwenye 0.25 na asilimia 4 tu kwenye 0.15, mstari unaochorwa kwenye grafu yenye skeli ya logi hukata asilimia 10 karibu na milimita 0.20, na asilimia 60 karibu na 0.55. Uwiano wa namba hizo mbili, takriban 2.8, huitwa kizigeu cha usawa, na kwa kuwa ni mdogo, huo ni mchanga wa wastani ambao punje zake zinakaribiana ukubwa. Kanuni ya Hazen, K = d10² kwa sentimita kwa sekunde, d10 ikiwa kwa milimita, hutoa 0.04, yaani takriban mita 35 kwa siku. Kama maji yanachujwa kwa mita 2.8 kwa siku kupitia mchanga safi wenye kina cha mita moja, kina cha maji kinachohitajika kuyasukuma ni sentimita 8 tu. Hesabu hiyo ni ya maji ya nyuzi 10 za Selsiasi. Yakikaribia kuganda huwa mazito, na upenyevu hushuka hadi asilimia 70, ilhali kwenye nyuzi 25 hupanda hadi 145.

Kanuni hiyo huvunjika inapotumiwa kwa mchanga wenye d10 chini ya milimita 0.1, au wenye kizigeu kinachozidi 5. Kosa baya zaidi, hata hivyo, hutokea mezani: mfinyanzi uliogandamana hukaa juu ya chekeche ukijifanya changarawe, na mstari huonyesha mchanga wenye upenyevu mkubwa ambao haupo. Dalili yake ni vumbi linalobaki kwenye punje kubwa, na dawa ni kuosha sampuli juu ya chekeche ya milimita 0.075 kabla ya kuikausha, na kuuhesabu pia uzito wa kilichopita. Katika eneo la Washington, ambako mfinyanzi wa Potomac hupatikana pamoja na mchanga, kuacha hatua hiyo ni uzembe usio na udhuru.

Mchujo wa McMillan uliachwa katika miaka ya 1980, baada ya mtambo mpya wa mchanga wa haraka kuchukua kazi yake, na eneo likakaa bila matumizi kwa miongo kadhaa hadi vyumba vingi vikabomolewa kupisha majengo, jambo la kusikitisha kwa sababu vilikuwa mafunzo makubwa ya somo hili mjini. Hata hivyo, grafu ileile ya chekeche bado hutumika kuchagua kokoto za kuzungushia visima, mchanga wa zege, tabaka za kupitishia maji katika mabwawa, na mchanga wa viwanja vya mpira, mashimo ya maji taka na fukwe zinazoongezwa mchanga.