Kadi ya kongamano isigeuke takataka ya mtoto wa meza

MAKONGAMANO ya kibiashara yanapokamilika katika jumba la KICC jijini Nairobi, aghalabu washiriki huondoka na kadi kumi au ishirini za watu waliosalimiana nao wakinywa chai. Wiki mbili baadaye, nyingi za kadi hizo huwa zimelala katika mtoto wa meza, na mwenyewe hakumbuki nani alikuwa nani.

Chanzo cha hali hii si dharau. Mtu aliyezungumza na watu thelathini kwa siku moja huanza kuwachanganya kabla ya kufika nyumbani. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mnamo 1885, kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya jambo lililokaririwa husahaulika katika saa chache za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Yeye alitumia silabi zisizo na maana, nayo mazungumzo hudumu zaidi kidogo. Lakini funzo ni lile lile. Kazi ya kwanza ya anayetaka uhusiano udumu ni kupambana na usahaulifu, wake na wa mwenzake.

Kazi hiyo huanza jioni ile ile. Nyuma ya kila kadi, au katika daftari, huandikwa mambo matatu: walikutana wapi na lini, mwenzake alitaja shida au haja gani, na ni ahadi gani iliyotolewa. Kisha kadi huchambuliwa. Si kila aliyetoa kadi anafaa kufuatiliwa. Watu watatu hadi watano wanatosha, kwa kuwa atakayewaandikia wote ishirini atalazimika kuwatumia ujumbe wa aina moja, nao watautambua mara moja.

Chukua mfano wa katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki kutoka Mwingi, ambaye katika kongamano kama hilo anazungumza kwa dakika tano na afisa wa ununuzi wa hoteli moja ya Nairobi. Afisa huyo analalamika kwamba asali anayoletewa huganda msimu wa baridi wa Juni na Julai, na wageni hudhani imetiwa sukari. Katibu anamweleza kuwa kuganda si dalili ya udanganyifu, kisha anaahidi kumtumia maelezo. Hapo wito wa tangazo kuu unasikika na wanaachana.

Wengi katika nafasi ya katibu huyo wangeandika hivi: "Nilifurahi kukutana nawe. Chama chetu kinauza asali safi kwa bei nafuu. Tafadhali tupe oda." Ujumbe huo una kasoro tatu. Haumkumbushi afisa ni nani anayemwandikia, haugusi shida aliyoitaja, na unaomba kitu kikubwa kabla ya imani kujengeka. Kumpa mtu oda ni kuhatarisha kazi yake iwapo mzigo utakuwa mbovu, na hakuna anayejihatarisha kwa ajili ya mgeni wa dakika tano.

Ujumbe unaofaa hutumwa katika siku ya kwanza au ya pili ya kazi baada ya kongamano. Kichwa chake hutaja mahali na jambo, mathani "Asali inayoganda: mazungumzo yetu ya Alhamisi KICC", wala si "Salamu" tu. Baada ya kumwamkua afisa kwa jina lake, katibu anaweza kuandika:

"Mimi ni katibu wa wafugaji nyuki wa Mwingi tuliyezungumza Alhamisi wakati wa chai. Ulisema asali yako huganda msimu wa baridi. Nimeambatisha ukurasa mmoja kama nilivyoahidi. Kwa ufupi, asali halisi huganda kwa sababu ya sukari zake za asili. Chupa ikiwekwa ndani ya maji vuguvugu yasiyochemka, asali hurudi kuwa majimaji bila kuharibika. Kinachostahili kupimwa ni unyevu: ukizidi asilimia 20, asali inaweza kuchacha. Je, muuzaji wako hukupa kipimo hicho?"

Ujumbe huu unatimiza ahadi, unamfaa afisa hata asiponunua chochote, na unamalizika kwa swali moja linaloweza kujibiwa kwa sentensi moja. Oda haijatajwa popote. Hata hivyo, afisa akigundua kuwa muuzaji wake hapimi unyevu, atajua mahali pa kuuliza.

Jibu litakalokuja lina alama zake. "Asante, nimepokea" ni adabu tu. Mlango haujafungwa, lakini haujafunguka. Mwenzake akiuliza swali, akimtaja mkubwa wake au kuomba sampuli, basi uhusiano umeanza, na hapo inafaa kupendekeza simu ya dakika kumi au ziara fupi hotelini.

Kimya nacho si lazima kiwe kukataa, maana anayerejea kutoka kongamano hukuta kazi imerundikana. Inafaa kungoja siku saba hadi kumi, kisha kuandika mara ya pili kwa kuleta jambo jipya, kwa mfano matokeo ya kipimo cha mavuno ya karibuni. Kuuliza "Je, uliona ujumbe wangu?" humpa mwenzake deni badala ya faida. Ujumbe wa tatu unaweza kufuata baada ya mwezi mmoja. Ukikosa jibu pia, heri kuacha. Wa nne huwa usumbufu, na huharibu nafasi ya kusalimiana vyema katika kongamano la mwaka ujao.

Kuna kosa jingine ambalo limekuwa la kawaida: kuchukua nambari za kadi zote na kuziingiza katika kundi la WhatsApp, au kuzitumia arafa za matangazo. Mbali na kuudhi, jambo hilo linaweza kumtia mtu matatani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mwenye habari za kibinafsi kabla hazijatumiwa kwa biashara, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Aliyetoa kadi ili aandikiwe kuhusu asali hakukubali kutumiwa matangazo kila Jumatatu.

Uhusiano ukishaanza, hauhitaji kupaliliwa kila wiki. Mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter, katika utafiti aliouchapisha mnamo 1973, aliwahoji wataalamu na mameneja wa eneo la Boston waliopata kazi kupitia watu waliowajua. Zaidi ya nusu walisema walikuwa wakionana na watu hao mara moja moja tu, na wachache ndio waliosaidiwa na watu wanaoonana nao mara kwa mara. Sababu aliyotoa ni kwamba rafiki wa karibu huwa anajua yale yale unayoyajua, ilhali mtu wa mbali ana habari za mahali usipofika.

Kwa hivyo, ujumbe mara mbili au tatu kwa mwaka unatosha, mradi kila mmoja uwe na sababu yake. Katibu wa Mwingi anaweza kumwarifu afisa kabla ya msimu wa baridi kwamba asali itaanza kuganda, au kumweleza mapema mvua zikikosekana na mavuno kupungua. Habari hiyo ya pili haimletei katibu faida yoyote kwa wakati huo. Lakini afisa atakuwa amejua kwamba mtu huyu husema ukweli hata asipokuwa na cha kuuza, na hilo ndilo litakalomfanya ampigie simu siku muuzaji wake wa kawaida atakaposhindwa kuleta mzigo.